Lainauti: Chungeni Ile Mita Moja

Katika raga, mpira uliotoka nje hurudishwa kwa lainauti, yaani kurushwa kati ya safu mbili za wachezaji. Refa akipuliza kwamba mpira haukunyooka, lawama zote humwangukia huka, yule anayeurusha. Mara nyingi tatizo limeanza kabla hajarusha, katika namna wenzake walivyosimama.

Pale mpira ulipotoka nje refa huweka alama, na kutoka hapo fikirieni mstari unaoingia uwanjani. Ninyi mko upande mmoja, wapinzani upande wa pili, na kati ya mabega ya ndani ya safu hizo mbili panabaki mita moja. Maana yake kila bega liko nusu mita kutoka katikati. Mpira lazima upite katikati hapo, tena uvuke laini ya mita 5 kabla ya kuguswa au kuanguka.

Chukua lainauti ya watu watano, mrukaji akiwa mita 8 ndani. Huka asiye na uzoefu humtazama mrukaji wake usoni, akarusha pale pale alipo. Mpira unafika nusu mita na zaidi upande wenu, na refa aliyesimama nyuma ya safu anauona wazi. Wapinzani wanachagua: warushe wao, au iwe skramu kwenye laini ya mita 15. Sheria ya sasa inaruhusu mchezo uendelee ikiwa wapinzani hawakushindania mpira, lakini usitegemee huruma hiyo.

Dawa ni huka kulenga katikati ya pengo, na mrukaji aufuate mpira huko juu, akiegemea ndani. Safu ikisogea ndani mapema, pengo linazibwa na mnaadhibiwa kwa frikiki. Mazoezini, chora mstari wa chokaa, mtu asimame juu yake mita 8 mbele, huka arushe mipira 20 huku mwingine akiangalia kutoka nyuma. Mikono yote miwili imalizie ikielekea kwenye mstari. Mkono mmoja ukizidi nguvu, mpira hupinda.

Wanyanyuaji nao wana mipaka. Mnaruhusiwa kumshika mrukaji mapema, lakini wa nyuma asishike chini ya kaptura na wa mbele asishike chini ya mapaja. Kumnyanyua ni baada ya mpira kutoka mikononi mwa huka. Mkitangulia ni frikiki. Mwito wa huka usiwe ndio ishara ya kunyanyua, kwa sababu huja kabla ya mpira kutoka. Tazameni mikono yake. Mkikaa mbali na mrukaji, mikono inanyooka mbele badala ya juu, naye anainama kama mti uliokatwa. Mpira ukishashikwa, mshusheni taratibu hadi miguu yote miwili iguse nyasi. Kumwachia angani ni hatari kwa shingo na mgongo.

Jioni Kisumu upepo wa ziwani ukivuka uwanja, mpira mrefu wa juu utasukumwa nje ya pengo hata ukiurusha vizuri. Rusheni kwa mrukaji wa mbele, mpira uende chini na kwa kasi.