Mto hausemi "mazingira": tulivyopata nafasi ya pili kwa shairi la Msimbazi

Ijumaa iliyopita mpwa wangu wa kidato cha pili alishika nafasi ya pili kwenye shindano la mashairi la klabu za mazingira. Tangu hapo simu yangu haitulii. Mama mmoja wa Segerea ameniandikia: "Dada, mwanangu naye kaambiwa atunge shairi, mto ndio useme, na vina visibadilike. Tuanzie wapi?"

Anzieni tulipoangukia sisi. Mwaka jana tulipeleka shairi ambalo halikuvuka hata mchujo. Lilianza hivi:

*Mimi mto ninalia, taka mmenitupia,*
*Maji mmenichafua, samaki wamekimbia.*

Mizani imetimia, silabi nane kwa nane. Vina navyo vipo, lakini ni "a" tupu, na karibu kila kitenzi cha Kiswahili chenye asili ya Kibantu huishia na "a". Huko si kutafuta kina, ni kuokota. Kibaya zaidi, aliyesema pale si mto. Ni bango la klabu lililopewa mdomo. Nilinuna wiki nzima nikiwalaumu waamuzi, na leo nakiri hadharani kwamba walikuwa sahihi.

Mwaka huu hatukugusa mashairi kwanza. Nilimwambia mtoto aandike habari za Msimbazi, mto wetu wa Dar es Salaam, kwa nathari, kuanzia vilima vya Pugu hadi Daraja la Salenda, mto unapoingia baharini katikati ya mikoko. Kila sentensi tukaiuliza: mto ungelijua hili bila kwenda shule? "Uchafuzi" ukafutwa. "Mazingira" yakafutwa. "Vizazi vijavyo" vikafutwa, na mtoto akakasirika kwa sababu alivipenda. Vilivyobaki ni vitu ambavyo mto unavigusa: ukungu, mchanga, ladha ya damu ya machinjioni, na maji kusimama bonde la Jangwani mvua zikizidi. Tashihisi ndiyo hiyo. Kuupa mto machozi kila mtu anaweza, lakini mto wenye kumbukumbu na kinyongo chake ndio unaosikilizwa.

Ndipo tukaja kwenye vina. Vina visipobadilika kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, bahari hiyo ya ushairi huitwa mtiririko, na hapo lazima upige hesabu kabla ya kuandika. Beti tano za tarbia, yaani za mishororo minne, kila moja ina mishororo mitatu mipya, ukiongeza kibwagizo kinachorudiwa mwisho wa kila ubeti unapata 16. Kwa hiyo unahitaji maneno 16 ya kina cha kati na 16 ya kina cha mwisho. Tulijaribu "-zi" kwa ajili ya jina Msimbazi, tukakwama ubeti wa pili. Tukahamia "-ma" na "-ngu", tukajaza ukurasa wa daftari: hima, lawama, huruma, zama, ukungu, uchungu, mbingu, fungu. Ubeti wa kwanza ukatoka hivi:

*Kwetu juu ya vilima, vya Pugu penye ukungu,*
*Nikateremka hima, na mchanga wote wangu,*
*Njiani nikaitema, damu ambayo si yangu,*
*Jangwani nikisimama, msiseme kosa langu.*

Siku za kuhesabu mizani sitawasimulia, zinachosha. Ila angalieni "m" inayotangulia konsonanti. "Mto" ni mizani mbili, "mchanga" ni tatu, "teremka" ni nne. Mtoto alikuwa akihesabu "mchanga" mbili, akawa anaongeza neno la bure kila mara, na mshororo unavimba. Mwambieni apige kofi kwa kila silabi huku akisoma kwa sauti. Kofi la tisa likilia kabla ya kituo, kuna neno la kutoa.

Sasa niseme linaloniuma. Mwamuzi mmoja alitukata alama kwa sababu ya "wangu, yangu, langu". Alisema hilo ni neno moja lililobadilisha nguo mara tatu. Mimi nilisimama kututetea (ndiyo, shangazi mtu, mbele ya watoto!), nikasema mto unadai kilicho chake na kukataa kisicho chake, kwa hiyo vimilikishi vina kazi pale. Bado naamini hivyo kwa "yangu" na "langu", kwa sababu yanagombana: damu si yangu, kosa si langu. Lakini "wangu" ya mshororo wa pili iliwekwa kujaza nafasi, na wazazi tuache kutetea uvivu kwa sababu tu ni wa watoto wetu.

Usiku ule ule, saa nne, nikiwa bado na hasira zangu, mpwa wangu akanitumia ujumbe. Hakukuwa na salamu, mshororo tu: "Nikateremka hima, nikiyaaga mawingu."

Nikapiga makofi peke yangu kitandani. Nane, nane.