Wateja 70, siku 20: nipangeje njia?

"Nauza sabuni na mafuta ya kula nikitokea Malindi. Nina maduka 70 toka Watamu hadi Lamu na siku 20 za kazi kwa mwezi. Kila siku niko njiani na bado wateja wakubwa walalamika siwafikii. Nipangeje?"

Ndugu yangu, usianze na ramani, anza na daftari la mauzo. Tuseme 15 wanunua sana, uwaone kila wiki: ziara 60. Wa kati 20, mara mbili kwa mwezi: 40. Wadogo 35, mara moja: 35. Jumla 135. Ukimaliza maduka 6 kwa siku, uwezo wako ni 120. Hapo ndipo wakubwa wanapoachwa. Wadogo 20 wahamishie kwenye simu, mzigo uende na gari la msambazaji. Zabaki 115, na nafasi kidogo ya dharura.

Sasa gawa kwa barabara. Watamu na Gede siku moja. Mambrui, Gongoni na Marafa siku nyingine. Anzia duka la mbali, uuze ukirudi nyumbani. Jioni ikikubana, utakaowaruka wako karibu, kesho wafikika.

Lamu usiifanye ya kwenda na kurudi. Lala huko, na Witu na Mpeketoni uwaingize safari hiyohiyo. Mteja mkubwa wa huko humwezi kila wiki, basi mwuzie shehena ya wiki mbili na katikati umpigie. Na Ijumaa usiiguse Lamu: adhuhuri watu wako msikitini, siku yakatika.