Kozi ya kusuka saluni kwako: piga hesabu kabla ya kutangaza

Msomaji mmoja mwenye saluni ya viti vitatu Katwe, Kampala, ameniandikia: "Dada, wasichana wanakuja kila mara kuomba niwafundishe kusuka. Nataka kufungua kozi ya kulipia. Nitoze ngapi?" Swali la bei linakuja mwisho. La kwanza ni hili: unauza ujuzi gani, na mwanafunzi akitoka kwako atakuwa anaweza kufanya nini peke yake?

Kozi ya "urembo wote" ndiyo inayoua wengi. Kusuka, kushonea wivingi, kuweka dawa, kucha na vipodozi kwa mwezi mmoja, halafu mwanafunzi anatoka hajui hata kimoja. Anza na mtindo mmoja ambao wateja wanaulizia kila siku. Hapa nachukua rasta zisizo na fundo, notlesi, kwa sababu zinalipa vizuri na mwanafunzi anaweza kuziweza kwa wiki sita.

Fundisha Jumatatu hadi Jumatano, saa tatu asubuhi mpaka saa saba, siku ambazo viti vinakaa vitupu. Hivyo ni vipindi 18 vya saa nne kila kimoja, jumla saa 72. Wanafunzi wasizidi wanne. Wa tano utamwona akikosea ukiwa umeshachelewa kumsahihisha.

Wiki ya kwanza hakuna kusuka. Ni kugawa nywele tu, kwa kitana cha mkia na vibanio, juu ya kichwa cha sanamu. Wanafunzi watalalamika kwamba hawakulipa kuja kuchora mistari. Waache walalamike. Rasta mbaya nyingi zinaharibikia hapo: kisogoni vifungu vinaanza vidogo, mkono ukichoka vinakua, na kufika utosini kila kimoja ni mara mbili ya kile cha kwanza. Mwambie apange kama tofali za ukuta, mstari wa juu ukiziba nafasi ya mstari wa chini, ili ngozi isionekane. Mpime hivi: chagua vifungu vitano sehemu tofauti za kichwa, uvilinganishe kwa kidole.

Wiki ya pili ndiyo ya kuanzia rasta. Notlesi inaanza na nywele za mteja mwenyewe, zikigawanywa vipande vitatu, zinasukwa mara mbili au tatu, ndipo nywele za kuongeza zinaingia kidogo kidogo, kipande chembamba kwanza, kinene baadaye. Mwanafunzi mwenye haraka ataingiza fungu kubwa mara moja. Utaona uvimbe pale lilipoingia, na juu yake rasta ni nyembamba kama uzi. Rasta hiyo itamvuta mteja, au itateleza na kutoka yote. Usimwambie "rudia" tu. Mwambie afungue mbele yako, aone fungu lilivyokaa, agawe tena vipande vitatu.

Wiki ya tatu na ya nne ni kichwa kizima, ila hapa kuna mtego. Kichwa cha sanamu hakisikii maumivu. Nywele zake ni ndefu, laini na nyingi, na mwanafunzi anaweza kuvuta anavyotaka. Akikutana na nywele fupi za kipilipili, vidole vinapotea. Kwa hiyo wiki ya tatu lete kichwa cha mtu, hata kama ni robo tu ya kisogo. Wiki mbili za mwisho zote ziwe za watu.

Mvuto huonekana kwa macho. Ngozi ikiinuka kwenye shina la rasta kama hema, imevutwa mno. Mwombe mtu ainue nyusi: akikunja uso, legeza hapo hapo, hasa kwenye paji na masikio ambako nywele ni dhaifu. Mpigie simu kesho yake uulize kama vipele vimetokea kwenye mashina. Vikiwepo, mwanafunzi arudi azifungue rasta za mbele yeye mwenyewe. Mvuto wa namna hiyo ukirudiwa kila mwezi, nywele za paji hukatika na hatimaye hazioti tena. Kitu hiki kimoja, mwanafunzi akikielewa, kinampa wateja kuliko cheti.

Watu wa mazoezi waambie wazi kwamba ni mwanafunzi. Walete nywele zao za kuongeza, wasilipe kusukwa, na wajue watakaa muda mrefu kuliko kawaida. Kumkalisha mteja aliyelipa bei kamili chini ya mikono ya mwanafunzi bila kumwambia ni wizi, siogopi kusema.

Sasa bei. Tarakimu hizi ni za mfano, weka za sokoni kwako. Tuseme unatoza shilingi 400,000 kwa kila mwanafunzi. Kichwa cha sanamu na kishikio chake ni 80,000, na kila mmoja awe na chake. Nywele za mazoezi ni pakiti kumi za 7,000, yaani 70,000. Kitana, vibanio na jeli ni 20,000. Gharama ambayo wengi wanaisahau ni muda wako. Kama kichwa cha 60,000 unakisuka kwa saa sita, saa moja yako ni 10,000. Asubuhi hizo nusu ungekaa bure, basi hesabu 5,000 kwa saa, mara 72, ni 360,000.

Wanafunzi wanne wanaleta 1,600,000. Vifaa vyao ni 680,000, muda wako 360,000, unabaki na 560,000. Awamu ya pili vichwa unavyo tayari, hivyo unabaki na 880,000. Wakija wawili tu awamu ya kwanza, unabaki na 100,000. Akija mmoja, unapata hasara ya 130,000. Kwa hiyo usianze na mmoja hata akikubembeleza. Mwambie asubiri mwenzake.

Hesabu hii yote inavunjika kwa jambo moja: malipo ya mwisho wa kozi. Mwanafunzi aliyeshajua kuanzia rasta hana sababu ya kurudi kukulipa. Chukua 200,000 kabla ya siku ya kwanza, 100,000 mwanzo wa wiki ya tatu, na 100,000 mwanzo wa wiki ya nne, kwa Momo au Airtel, ili rekodi ibaki kwenye simu zenu wote. Asiyelipa wiki ya nne hapewi mtu wa kusuka. Liandikeni hilo kwenye karatasi mkatie saini, pamoja na mambo mengine mawili: mwanafunzi hachukui namba za wateja wa saluni, na wewe humgeuzi mfagiaji na muosha taulo. Aliyelipa kufundishwa akafagishwa wiki mbili atakusema mtaa mzima, na atakuwa na haki.

Usiahidi cheti usichoweza kutoa. Karatasi yako inaonyesha alisoma kwako, basi. Vyeti vya ufundi vya serikali ambavyo watu wamezoea kuviita vya DIT hupatikana kwa mtihani wa vitendo, na anayevitaka aende akaufanye kwa wanaoutoa.

Kuhusu wakati wa kuanza: Novemba na Desemba usijaribu, viti vyote vinataka wateja wa sikukuu. Katikati ya Januari ni pazuri, kwa sababu waliomaliza S6 wako nyumbani wakisubiri chuo kwa miezi mingi. Lakini chukua malipo ya kwanza mapema, kabla wazazi hawajaanza kulipa karo za wadogo zao mwanzoni mwa Februari.