Hesabu ya migongano ikikupa kasi kubwa mno, usiguse nishati

Kwa mnaoanza kinetiki ya gesi hapa Chiromo: wengi wanaoniletea madaftari yao wana shaka moja. Wamefuata nadharia ya migongano hatua kwa hatua, lakini kasi waliyoipata inaizidi ile iliyopimwa maabara kwa mbali mno. Nitachukua mmenyuko mmoja tu, wa haidrojeni na etheni kuungana kuwa ethani kwenye 628 K, kwa sababu pengo lake ni kubwa kiasi kwamba huwezi kulilaumu kosa la kalkuleta.

Nadharia hii, waliyoijenga Max Trautz mwaka 1916 na William Lewis mwaka 1918, inazichukulia molekuli kama mipira migumu. Unahesabu migongano, yaani A, kisha unabakiza ile tu yenye nishati ya kutosha, yaani kuanzia Ea, upate kasi k:

```
k = A e^(-Ea/RT),  A = σ v N_A
```

Tuanze na A. Kasi v ni ya molekuli moja kuiendea nyingine, kwa hiyo usitumie tungamo la haidrojeni peke yake. Zidisha tungamo zote mbili, ugawanye kwa jumla yake: 2.016 × 28.05 ÷ 30.07, unapata 1.88. Kwa tungamo hilo v inakuwa takriban 2,660 m/s. Eneo la mgongano, σ, ni 0.46 nm². Ukizidisha na namba ya Avogadro, A ni karibu 7.4 × 10^8 m³ mol⁻¹ s⁻¹, yaani 7.4 × 10^11 kwa dm³. Hapo kwenye kugeuza mita kuwa desimita za ujazo ndipo watu huteleza, na kosa lake lina alama yake: jibu hupotoka mara 1,000 barabara.

Sasa linganisha. A iliyopimwa ni 1.24 × 10^6 dm³ mol⁻¹ s⁻¹. Ukiigawanya kwa ile ya hesabu unapata 1.7 × 10^-6, na hiyo ndiyo P, kigezo cha mkao. Maana yake hesabu imezidisha kasi karibu mara 590,000.

Kishawishi kinachofuata ni kuipandisha Ea hadi hesabu ikubali. Jaribu uone. Ili kupunguza kasi mara 590,000 kwenye 628 K unahitaji kuongeza takriban 69 kJ/mol. Hesabu itakubali, lakini kwenye joto hilo tu. Nenda 700 K: nyongeza ileile sasa inapunguza kasi mara 150,000 hivi, na jibu lako limerudi kupotoka karibu mara nne. Chora ln k dhidi ya 1/T na sababu itaonekana wazi. Ea inakaa kwenye mteremko wa mstari, na vipimo vimekwisha kukupa mteremko huo. Pengo letu liko pale mstari unapokata mhimili, yaani kwenye A. Kwa hiyo ukikuta mteremko uko sawa na mstari mzima umekaa juu, iache Ea ilivyo.

Kwa nini A inazidi? Mpira hauna mbele wala nyuma, ila etheni inayo. Haidrojeni ikigonga ncha yenye CH₂, hata kwa nishati tele, hakuna bondi mpya. Inabidi ije ubavuni mwa bondi maradufu. Ni kama plagi yetu ya pini tatu: ukiisukuma kwenye soketi ikiwa imepinda, nguvu haisaidii. Lakini msiishie kwenye picha hiyo, maana mwelekeo peke yake hauelezi kwa urahisi sehemu moja katika laki kadhaa. Molekuli mbili zilizokuwa zikizunguka na kusafiri kwa uhuru zinabanwa kuwa umbo moja lenye mpangilio mkali, na sehemu kubwa ya uhuru huo inapotea. Entropia inashuka, na mipira migumu haina namna ya kuhesabu hasara hiyo. Ndiyo maana pia P haitabiriki kutoka ndani ya nadharia hii: unaipata kwa kugawanya kipimo kwa hesabu.

Kadiri molekuli zilivyo sahili, P huikaribia 1. Molekuli mbili za NOCl zinapovunjika kuwa NO na Cl₂, P ni 0.16 tu, hasara ndogo.

Na msidhani hesabu huzidi kila mara. Potasiamu na bromini zikiwa gesi hutoa KBr kwa P ya 4.8. Potasiamu huachia elektroni yake kirahisi, na elektroni hiyo huirukia Br₂ kabla hazijagusana. Baada ya hapo ni ioni mbili zenye chaji kinyume, na mvuto wao unazileta pamoja kutoka umbali ambao σ ya mipira migumu ingeuhesabu kuwa zimepishana.