Jina la avata ya mzee wa pwani, Second Life

"Avata yangu ni mzee mwenye ndevu nyeupe, kanzu na kofia ya vito. Nilijisajili kwa jina DarkWolf99 na sasa watu wananicheka. Nifanyeje?"

Usifungue akaunti mpya, utapoteza nguo zote ulizonunua. Second Life, ulimwengu huu wa mtandaoni, ina majina mawili. Lile la kuingilia ni gumu kubadili: ni kwa wanachama wa kulipia, tena kwa ada. Display Name, linaloelea juu ya kichwa, ni bure. Fungua wasifu wako, bonyeza alama ya kalamu kando ya jina, andika jipya. Mwisho ni herufi 31, na ukishabadili unasubiri wiki nzima, kwa hiyo kagua tahajia kwanza.

Kuhusu jina lenyewe, shika kisichobadilika kwenye sura. Kanzu utaivua kesho, ila uzee na ndevu vitabaki. "Mzee Kanzu" litakuumbua siku ukivaa shati. "Nahodha Shomari" linakaa vizuri zaidi: Shomari ni jina la pwani lenye umri, na nahodha anaweza kuvaa chochote. Kwenye gumzo watu watakuita "Nahodha" tu, na hilo nalo linamfaa.

Epuka herufi za mapambo. Zinakubalika, lakini kwenye baadhi ya kompyuta hutokea kama vijisanduku, na hakuna atakayeweza kuziandika akikutafuta.

Jina DarkWolf99 bado litaonekana kwenye wasifu, na wengine huwasha mpangilio wa kuyaona yote mawili. Hapo vumilia tu.