Mstari katikati ya kidonge

“Hii picha ni dawa ya presha ya mama, tuko Lamu. Daktari kaandika nusu na kidonge kina mstari. Nikate?”

Dada, pakiti inasomeka atenolol miligramu 50, kwa hiyo nusu uliyoandikiwa ni miligramu 25. Kabla hujakata, soma karatasi iliyomo ndani ya boksi, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huweka mstari ili kidonge kivunjike na kumezeka kwa urahisi tu, bila kudhamini kwamba nusu mbili zina dawa sawa. Karatasi ikisema kinagawanyika sawasawa, kata.

Kuna mwenzetu aliyejibu swali hili kwamba kidonge chenye mstari kina ruhusa ya kukatwa; amepatia kwa sehemu tu. Naye kaka aliyetaja dawa ya presha ya babake, nifedipine retard, asiikate, maana hiyo hutoa dawa polepole, na ikivunjwa dozi huweza kutoka kwa pamoja na presha ikashuka ghafla. Hata hivyo, vipo vichache vya namna hiyo vinavyoruhusiwa kugawanywa, ila havisagwi wala kutafunwa.

Kata kimoja kwa wakati, na nusu iliyobaki iliwe dozi inayofuata, kwani unyevu wa pwani yetu hauisaidii. Kikipasuka vipande visivyolingana, mwulize mfamasia kama ipo ya miligramu 25.