Influenza ukiwa mjamzito: pumzi niliyoisingizia mimba

Ilikuwa mimba yangu ya pili, wiki ya 30. Mchana nilikuwa mzima, nimefua na kuanika. Jioni sijiwezi: mwili wote unauma mpaka kope, natetemeka chini ya mablanketi mawili, kikohozi kikavu kinanipasua kifua. Nikasema ni mafua tu, yatapita. Ila mafua ya kawaida huja kwa kunyemelea, leo koo linawasha, kesho pua zinachuruzika, na homa ikiwepo huwa ndogo. Influenza haibishi hodi. Mtu anaweza kukutajia mpaka saa iliyomwangusha.

Kipimajoto kilisoma nyuzi 38.9. Nikameza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 nikalala. Saa nane usiku nikaamka, nikakoroga pakiti ya unga wa mafua kwenye maji moto, na vidonge vingine viwili juu yake. Asubuhi mume wangu ndiye aliyesoma nyuma ya pakiti: ndani yake mna parasetamoli pia. Kiwango cha mtu mzima ni vidonge viwili, unasubiri angalau saa 4, bora 6, na visizidi 8 kwa saa 24, ukihesabu kila kilichojificha kwenye dawa za mchanganyiko. Zile pakiti nikaziweka kando. Nyingi zina pia dawa ya kuzibua pua, na hiyo mjamzito haitumii bila kuuliza.

Lakini kosa kubwa lilikuwa la pumzi. Siku ya pili nilikuwa nahema kwa kwenda msalani tu, nikaisingizia mimba. Kweli, mimba huleta kuhema. Mfuko wa uzazi husukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, mapafu hubaki na akiba ndogo ya hewa, huku mwili ukihitaji oksijeni nyingi kuliko zamani na moyo ukifanya kazi ya ziada. Kinga nayo hubadilika. Ndiyo maana kirusi kinachomlaza mwenzako siku 3 kinaweza kukupeleka wewe kwenye nimonia: hujaanza na akiba aliyonayo yeye. Hatari hiyo huendelea mpaka wiki kama 2 baada ya kujifungua.

Kuhema kwa mimba huja taratibu, wiki hadi wiki, na ukikaa hutulia. Kwangu kulikuja kwa siku moja, na kukaa hakukusaidia. Nilipompigia mkunga aliniambia, "Mama, hebu nihesabie moja mpaka ishirini bila kuvuta pumzi." Nikakatikia kumi na mbili. Akasema, "Njoo sasa hivi, usingoje kesho."

Kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 93. Mjamzito hutakiwa awe na 95 au zaidi, kwa sababu mtoto anategemea hiyo hiyo. Daktari alichukua sampuli puani, akanianzishia oseltamiviri, dawa ya kupambana na kirusi cha influenza, bila kungoja majibu: miligramu 75 asubuhi na jioni kwa siku 5. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza, na mimi nilikuwa kwenye saa ya 40 hivi. Hata ukichelewa, mjamzito hupewa. Antibiotiki hazigusi kirusi hiki, kwa hiyo usizidai.

Kuhusu homa yenyewe: ikifika 38, itulize. Usijikaze kwa kuogopa kidonge. Homa kali ya wiki za mwanzo, mirija ya ubongo na uti wa mgongo wa mtoto inapojifunga, imehusishwa na kasoro za uti huo. Baadaye humpandisha mtoto mapigo ya moyo. Dawa ya kuanzia ni parasetamoli. Ibuprofeni iache, hasa kuanzia wiki ya 20, kwani inaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Aspirini ya maumivu vivyo hivyo, ila kama daktari alikuandikia ile ya dozi ndogo kwa ajili ya presha, usiikatize. Na mahali penye malaria, homa yoyote ya mjamzito hupimwa malaria siku hiyo hiyo, hata pua zikiwa zinachuruzika.

Homa isiyoshuka kwa dawa, kutapika kila unachokunywa, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, au mtoto kupunguza kucheza, hayo ni ya kwenda hospitali hata usiku.

Nilikaa na oksijeni usiku mmoja. Daktari alinikanya: homa ikiondoka kisha ikarudi na makohozi mazito, rudi, huenda bakteria wameingia mapafuni. Haikurudi, ila kikohozi kilikaa wiki 3. Chanjo ya influenza nilikuwa nimeshaambiwa kliniki, nikaiahirisha nikidhani haifai kwa mimba. Hutolewa miezi yoyote ya ujauzito, na kinga yake humfikia mtoto, ambaye mwenyewe hachanjwi kabla ya miezi 6.